Barua ya mhazini kuhusu jumla zilizopishana

"Jumla ya fedha ambayo programu ya kusoma maandishi imeitoa kwenye picha za kurasa za daftari la kikundi chetu cha Mbagala imezidi ya daftari lenyewe kwa shilingi 60,000. Niwaandikieje wanachama?"

Ndugu mhazini, taja mstari wenyewe uliokosewa:

"Ndugu wanachama, jumla ya Machi niliyowatumia, shilingi 480,000, haikuwa sahihi. Programu ilisoma 15,000 ya mstari wa 9 kuwa 75,000, kwa sababu tarakimu 1 iliyoandikwa kwa mkono ilifanana na 7. Mimi na katibu tumelinganisha kila mstari na stakabadhi. Jumla sahihi ni 420,000, na hakuna fedha iliyopotea."

Maneno hayo ya mwisho yaandike tu baada ya kuhesabu fedha taslimu na kuangalia salio la benki, kwani daftari nalo huweza kukosewa.