Pakua na tarakilishi

"Mbona 'pakua' imekubalika, lakini ukisema 'tarakilishi' watu wanacheka?"

Pakua halikubuniwa upya. Shehena ilipakuliwa melini na chakula jikoni zamani sana; maana tu ndiyo iliyopanuliwa. Tena lilikuja na jozi yake, pakia, na linanyambulika bila kufundishwa: faili limepakuliwa, nipakulie. Tarakilishi limeungwa kwa tarakimu na akili, ukilisikia mara ya kwanza hulifumbui. Na lilikuta kompyuta imeshakaa mdomoni.

— Kwa hiyo la kukopa hushinda siku zote.

Si siku zote. Barua pepe limeshika, ingawa wanaoliandika wengi wao, wakizungumza, husema imeili. Hapo sijui nimwite nani mshindi.

— Mimi simu yangu haipakui kitu tangu jana, nifanyeje?