Meseji ya kumwambia rafiki "we una oveni mi nina boda", msiandike kama nilivyoandika mimi

Nyie mlioingia barabarani juzi, kuna siku mtamtumia mtu meseji ya namna hii, maana kila boda ana rafiki anayeoka keki na kila anayeoka keki analia na usafiri. Mi niliandika mara mbili. Ya kwanza nusura ituvunjie urafiki, ya pili ndo tunafanyia kazi hadi leo, jioni na wikiendi.

Ya kwanza ilikuwa fupi, "tupige kazi, tunagawana nusu kwa nusu". Akajibu sawa na vimoyo kibao. Mwisho wa mwezi tumekaa na daftari ndo mambo yakaanza. Chukua keki moja tu ya kilo, niliitoa Tabata nikaipeleka Sinza. Mteja kalipa 30,000 ya keki na 4,000 ya usafiri. Unga, mayai, sukari, siagi, krimu, gesi na boksi vilimla 17,000, mi mafuta kwenda na kurudi kama 1,200. Inabaki 15,800, nusu yake ni 7,900 kila mtu. Sasa yeye kasimama jikoni masaa matatu, mi nimetumia lisaa, halafu keki hiyohiyo mteja angekuja kuichukua mwenyewe, rafiki yangu angebaki na 13,000 yake yote. Yaani kila nikiwasha pikipiki namtia hasara! Na mi nilikuwa najipunja vilevile, maana ile 1,200 ni petroli tu, oili na tairi na cheni sikuviweka, na kama bado uko kwenye mkataba hesabu ya bosi haisubiri keki iive.

Basi nikaandika upya, naiweka kama ilivyo:

"Mama Keki mambo. Nimepiga hesabu zetu nimeona tulikosea mwanzoni. Tufanye hivi, hela ya keki yako yote, hela ya usafiri yangu yote na mteja anaambiwa bei mbili tangu anaweka oda. Mteja nikimleta mimi unanipa 2,000 kwa kilo, akija kwa stetasi zako sikudai kitu. Kabla sijaondoka tunaipiga picha keki boksi likiwa wazi, nikifika napiga nyingine. Ikiharibika njiani gharama ya vitu nalipa mimi, ikiwa imeinama tangu kwako ni yako. Oda inalipiwa nusu kabla hujavunja yai. Tujaribu wiki nne, Jumapili jioni tunaangalia daftari. Kama kuna kisichokukalia sawa sema saa hizi."

Hapo kwenye picha ndo msiparuke. Keki ikifika imepasuka kila mtu anamwangalia mwenye pikipiki, kumbe mara nyingi tatizo limeanzia jikoni, imepambwa bado ya moto au imewekwa kwenye boksi kubwa kuliko kibao chake, ukipiga tuta moja inateleza inagonga ukuta. Kabla hujabeba litikise boksi kidogo kwa mikono, ukisikia kitu kinatembea ndani mrudishie. Kibao kienee boksi, na yeye apake krimu kidogo katikati ya kibao kabla ya kuweka keki, inashika kama gundi.

Kwako wewe, boksi la nyuma lisikae mbali sana kwenye keria, kadiri linavyopita tairi ya nyuma ndo linavyorushwa. Chini weka kipande cha godoro, na usipakie keki na mzigo mwingine. Ya ghorofa mbili beba kila moja kwenye boksi lake, mwokaji awepo au akufundishe kuzipandisha kule kule, mi niliwahi kuibeba ikiwa imeshasimama nikafika na ghorofa moja na huruma ya mteja. Jua nalo ni adui, krimu ya siagi mchana wa Dar inalainika mpaka maua yanashuka, kwahiyo keki ilale kwenye friji kwanza na itoke asubuhi mapema au jua likishapoa. Mteja akikomalia saa nane mchana mwambie mwokaji atumie krimu inayovumilia joto, au oda muiache tu.

Na lokesheni omba kabla ya siku yenyewe. Kuna mteja aliandika Mbezi, mi nikajua Mbezi Beach, kumbe ni ya Kimara, fikiria na foleni ile. Siku hiyo 4,000 yangu yote ilienda kwenye tanki.

Meseji ya pili alikaa nayo siku nzima bila kujibu, nikajua nimeshaharibu. Usiku akarudisha moja tu: "Sawa nimekubali yote, ila lile boksi lako ulilokuwa unabebea samaki wa Feri keki yangu haiingii." Nikalinusa, kweli. Kesho yake nikaenda kununua jingine.