R² yangu ilikuwa 0.998 na jibu langu lilikuwa bovu

Juzi nimepata meseji ya msomaji mmoja, kaniandikia, "Kaka, nimefanya ile praktiko ya presha ya mvuke wa maji, R² imetoka 0.997 lakini entalpia ya uvukizi nimepata 50, nikifuta ile pointi ya digrii 50 kidogo inakaa sawa, je nifute?" Nimeisoma nikacheka, halafu nikanyamaza, maana mi niliwahi kuifuta hiyo hiyo pointi. Na kilichonikuta sijakisahau mpaka leo.

Kwa ambao hamjaifanya, unatafuta entalpia ya uvukizi, yaani nishati ya kugeuza moli moja ya maji kuwa mvuke, na kifaa chenyewe ni cha kawaida kabisa. Unachukua silinda ya kupimia ya mililita 10, unaijaza maji kiasi ili ibaki nafasi ya hewa, unaziba kwa kidole unaipindua ndani ya bika kubwa la maji, hewa inanaswa juu. Unapasha mpaka digrii 80 hivi, mvuke unaingia kwenye ile hewa, gesi inatanuka inasukuma maji chini. Hapo unazima moto, na wakati inapoa unasoma ujazo kila baada ya digrii kadhaa mpaka 50. Kuna sababu ya kusoma ukishuka badala ya ukipanda: maji yakipashwa yanaachia hewa iliyoyeyuka ndani yake, vibubujiko vinapanda vinaingia kwenye silinda, kwa hiyo ukianza kusoma ukipanda hewa yako inaongezeka katikati ya safari bila we kujua.

Mwisho unaweka barafu hadi chini ya digrii 5. Pale baridi mvuke unakuwa kidogo sana, unachukulia kwamba kilichomo ni hewa tupu, unapata moli za hewa. Kuanzia hapo kila joto ni kutoa tu: presha ya nje, toa presha ya hewa unayoipiga kwa moli hizo, joto na ujazo uliosoma, kinachobaki ni mvuke. Unachora ln P dhidi ya 1/T, joto likiwa kwa kelvini, na mteremko ukiuzidisha kwa 8.314, ndiyo R, ukaondoa alama ya kutoa una ΔH, jibu lako kwa juli kwa moli:

```
ln P = -ΔH/(R·T) + C
```

Sasa siku yangu. Nilikuwa wa kwanza kumaliza na nilikuwa najisikia kweli kweli. Kipimajoto kilisoma 3, nikasoma silinda, mililita 4.32, nikatoa 0.2 ya ule mpindo wa maji (silinda imepinduliwa, mpindo nao umepinduka, ukisoma kama ulivyozoea unazidisha ujazo), nikabaki na 4.12. Nikaandika, nikakaa kuchora. Presha ya chumba ilikuwa 101.3 kilopaskali. Mvuke ukatoka hivi: digrii 50 kilopaskali 8.96, digrii 60 ni 16.85, digrii 70 ni 28.53, digrii 80 ni 45.36. Pointi zikakaa kwenye mstari kama zimepangwa na rula. R², ile namba inayokaribia 1 pointi zikikaa kwenye mstari, ikatoka 0.998. Nikazunguka meza za wenzangu nawaonyesha, kuna jamaa mmoja alikuwa na 0.99 kavu nikampa pole. Kweli, nilimpa pole.

Halafu nikapiga mteremko nikapata kilojuli 51 kwa moli.

Kitabu kinasema maji kwenye digrii 100 ni 40.7, kwenye digrii 25 ni 44.0, kwa hiyo katikati hapo nilipopimia, kati ya 50 na 80, ilitakiwa iwe 42 na ushee. Mi nina 51. Nikafanya kile anachotaka kufanya msomaji wangu, nikafuta pointi ya digrii 50, jibu likashuka 48, nikaona afadhali, nikaandika kwenye ripoti "makosa ya kibinadamu" nikakabidhi. Ripoti ikarudi na maneno manne ya wino mwekundu: "Mstari mzuri. Jibu baya." Alama sisemi. Yule jamaa wa 0.99 alipata 44.

Iliniuma, na kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa nilikuwa nayo kwenye daftari langu mwenyewe. Wakati wa kuosha vyombo niliikuta ile silinda bado iko kwenye barafu, nikaangalia tu kwa mazoea, ikasoma 4.20. Nikaandika kwa penseli pembeni ya ukurasa, nikajiambia ah, nimeshamaliza bana. Ikabaki pale. Tofauti ya 4.32 na 4.20 ni kama mstari mmoja tu wa silinda, nani angejali?

Kumbe ndo kila kitu. Kipimajoto changu kilikuwa kimekaa katikati ya vipande vya barafu, kinasoma joto la barafu, wakati maji yaliyo NDANI ya silinda yalikuwa yametoka digrii 80 muda si mrefu na hakuna anayeyakoroga mle. Nilivyopiga hesabu kurudi nyuma, gesi ilikuwa kwenye digrii 10 hivi na mi naiita 3. Gesi yenye joto zaidi ina ujazo mkubwa zaidi, mi nikatafsiri ule ujazo kuwa ni hewa nyingi, moli zangu za hewa zikazidi kwa karibu asilimia 4.

Asilimia 4 unaona kitu gani? Sasa tazama inavyokula. Kwenye digrii 50 presha ya hewa kweli ilikuwa 88.95, mi nikapata 92.34. Unatoa kwenye 101.3, mvuke wa kweli ni 12.35, wangu 8.96. Zaidi ya robo ya mvuke imepotea! Kwenye digrii 80 hewa kweli ni 53.89, mi 55.94, mvuke wa kweli 47.41, wangu 45.36, hapo nimepoteza kama asilimia 4 tu. Yaani kosa ni moja lakini upande wa baridi linauma na upande wa moto linatekenya, kwa sababu kule baridi unatoa namba kubwa kwenye namba kubwa ili upate kadogo. Mwisho wa baridi wa grafu unavutwa chini, mstari unasimama zaidi, ΔH inapanda. Na inapanda kwa utaratibu, pointi zote zinahama pamoja kwa adabu, ndo maana R² haisemi kitu. R² inapima kama pointi zinatawanyika, haijui kama zote zimedanganywa na mtu mmoja.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeniandikia, na wengine wote mnaosubiri grafu mshangilie, acheni kuanza na R². Kabla ya kupiga mstari mmoja kupita pointi zote, piga mteremko kati ya kila pointi na jirani yake. Mi nilikuja kufanya hivyo baadaye sana: kati ya 50 na 60 nikapata 56, kati ya 60 na 70 nikapata 50, kati ya 70 na 80 nikapata 47. Angalia hiyo, inaporomoka kilojuli 9 ndani ya digrii 30. Maji hayana tabia hiyo. Entalpia ya uvukizi inapungua kweli joto likipanda lakini polepole mno, data safi ingenipa 42.9, 42.5, 42.2. Ukiona mteremko mkali kule kwenye baridi na unalegea kwenye moto, moli zako za hewa zimezidi. Ukiona kinyume, kule baridi umelegea, zimepungua. Kwenye grafu yenyewe kuna kaupinde kadogo, pointi za katikati ziko juu ya mstari na za pembeni chini yake, lakini mtu aliyefurahia R² hakaoni. Mi sikukaona.

Nilirudia hesabu kwa ile 4.20 ya penseli, yaani 4.00 baada ya kutoa mpindo. Namba zote nyingine sikuzigusa. Jibu: 44. Sawa na la yule jamaa. Nilikaa nikaliangalia.

Halafu ukitaka kwenda mbele zaidi, ile habari ya kwamba kwenye digrii 3 hakuna mvuke si kweli, upo, ni kilopaskali 0.76 hivi. Ukiitoa kabla ya kutafuta moli za hewa, 44 inashuka kuwa 42.5 na hapo uko nyumbani kabisa. Najua kuna watakaosema hiyo ni kudanganya maana unatumia presha ya mvuke kutafuta presha ya mvuke. Mi naona ni sawa ukiandika wazi umefanya nini. Ukitaka kukwepa huo ubishi acha kama ilivyo, ila ujue kilojuli moja na nusu imeingia kupitia mlango huo. Na ule mpindo ukiusahau kwenye vipimo vyote, 44 inakuwa 46. Kila kitu kinapitia kwenye kile kipimo cha baridi, nasema tena, kile cha mwisho ambacho kila mtu anakisoma huku amebeba begi mgongoni.

Ushauri wangu basi, na nimeulipia: kwenye barafu usisome mara moja. Koroga maji toka chini hadi juu, kipimajoto kisiguse barafu, kikae karibu na silinda usawa wa ile gesi, soma ujazo, subiri dakika tano, soma tena. Umebadilika? Subiri tena. Ukisoma mara tatu haujasogea ndo uandike. Ni hiyo tu, sina siri nyingine, ni kusubiri, na watu hawasubiri, wanataka kwenda kuchora. Hata kule juu kwenye 80 ni hivyo hivyo, koroga, usisome huku joto linakimbia. Lakini ukikosea nusu digrii kule hutaumia kama nilivyoumia mimi.

Na pointi ya digrii 50 usiifute. Ndiyo inayokwambia ukweli kuliko zote, inapiga kelele kwa sababu ndiyo iliyoumia zaidi, sasa we unataka kuifunga mdomo ubaki na 48 kama mimi?

Nitumie tu kile kipimo chako cha baridi, na uniambie ulisubiri dakika ngapi. Ukisema "nilisoma kilipofika 3" nitajua tayari.