Tarehe ya ankara haipimi mpaka wa mwaka

Swali: Mimi ni mkaguzi wa hesabu, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Kampuni tunayoikagua inauza pampu za viwandani na hufunga mwaka 31 Desemba. Malori yake yenyewe ndiyo yanayofikisha mzigo kiwandani kwa mnunuzi. Kupima mpaka wa mwaka, yaani kama kila mauzo yameandikwa kwenye mwaka wake, nilichukua ankara 10 za mwisho za Desemba na 10 za kwanza za Januari, na tarehe zote zikalingana na leja. Meneja amenirudishia karatasi, ameandika tu: "Hujapima chochote." Nimekosea wapi?

Jibu: Meneja wako yuko sahihi, ingawa angeweza kukuongezea mstari mmoja wa maelezo. Karatasi kama yako hunifikia kila msimu wa ukaguzi, na mara nyingi kutoka kwa vijana makini ambao wamefuata tu faili la mwaka uliopita. Hebu fikiria ankara inazaliwaje. Karani anabonyeza kitufe, mfumo unachapa ankara, na papo hapo unaandika mauzo kwenye leja kwa tarehe ileile. Ukilinganisha ankara na leja, umemuuliza mtu mmoja jina lake mara mbili. Atakujibu vilevile, hata kama jina si lake.

Kitu cha kutafuta ni siku ambayo udhibiti wa bidhaa ulihama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Hicho ndicho kigezo cha IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mapato kinachotumika tangu 1 Januari 2018, na ankara haimo hata kwenye orodha yake ya dalili. Kiwango kinakuelekeza uangalie kama muuzaji ana haki ya kulipwa sasa, umiliki wa kisheria uko kwa nani, mzigo uko mikononi mwa nani, nani anabeba hatari ukiharibika, na kama mnunuzi ameukubali. Kwa kampuni inayofikisha mzigo kwa malori yake, kwa kawaida hayo yote hukutana mahali pamoja: kwenye sahihi ya mtunza ghala wa mnunuzi chini ya delivari noti. Lakini soma mkataba kwanza. Kama unasema pampu haihesabiwi kuwa imepokelewa mpaka ifungwe na kujaribiwa, sahihi hiyo haitoshi.

Sasa tuchukue mfano mmoja na tarakimu zake, kwa fedha yoyote ile, na kodi tuiache pembeni. Jioni ya 31 Desemba, wakati wa kuhesabu stoki, mkaguzi anaandika namba ya delivari noti ya mwisho iliyotoka ghalani: 4417. (Kama hukuiandika usiku huo, usiitafute Februari kwa kumuuliza mhasibu, tafuta daftari la geti.) Wengi wakishaipata namba hii hudhani kazi imekwisha, kwamba 4417 kurudi nyuma ni mwaka huu na 4418 kwenda mbele ni mwaka ujao. Kanuni hiyo inafaa pale mnunuzi anapokuja kuchukua mzigo mwenyewe ghalani. Kwa kampuni yako ni mtego.

Tazama noti namba 4412. Pampu sita, kila moja inauzwa milioni 8, jumla milioni 48. Lori lilitoka getini 29 Desemba na ankara ikachapwa siku hiyohiyo. Nakala iliyorudi na dereva ina sahihi ya mtunza ghala wa mnunuzi, na chini yake, kwa kalamu nyingine, tarehe 3 Januari. Usiku wa mwaka mpya pampu zile zilikuwa barabarani, na lori lingepinduka hasara ingekuwa ya muuzaji. Kwa hiyo si mauzo ya Desemba. Mapato yamezidi kwa milioni 48, na wadaiwa vilevile.

Hapa ndipo vijana wengi husimama, nao wamefika nusu ya njia. Mfumo ulipoandika mauzo uliondoa pia pampu sita kwenye stoki, na gharama yake ni milioni 33. Wakati wa kuhesabu hazikuonekana ghalani, kwa hiyo hesabu ya ghala na vitabu vikakubaliana vizuri kabisa, na kila mtu akarudi nyumbani ameridhika. Stoki iliyokuwa barabarani haikuonwa na yeyote. Marekebisho kamili yanapunguza mapato na wadaiwa kwa milioni 48, yanapunguza gharama ya mauzo kwa milioni 33, na yanarudisha stoki ya milioni 33. Faida kabla ya kodi inashuka kwa milioni 15. Ukirekebisha mauzo peke yake utaishusha faida kwa milioni 48, na kosa la pili litakuwa lako.

Ndiyo maana ile "10 kabla na 10 baada" hunikera. Kumi imetoka wapi? Kama safari ndefu zaidi ya malori yao huchukua siku sita, dirisha lako kabla ya mwisho wa mwaka halipungui siku sita, na ndani ya siku hizo unaangalia kila mzigo mkubwa, hata ukiwa wa 23 kutoka mwisho. Kampuni ikitoa ankara 40 kwa siku, ankara zako kumi za mwisho huenda zote ni za mchana wa 31 Desemba. Lori la tarehe 29 hulioni kabisa.

Mwelekeo nao una maana. Anayeogopa mauzo kuzidishwa huanzia kwenye leja ya Desemba na kwenda kutafuta sahihi ya kupokea mzigo. Anayeogopa mauzo kufichwa, labda kwa sababu lengo la mwaka limeshatimizwa na wauzaji wanataka kuanza mwaka mpya na akiba, huanzia kwenye noti zilizosainiwa na wanunuzi mwezi Desemba na kwenda kuzitafuta kwenye leja. Ankara zako 10 za Januari zingekusaidia kama ungetoka nazo hadi kwenye noti na kukuta mzigo uliopokelewa Desemba. Wewe ulitoka kwenye ankara ukarudi kwenye leja, basi hukufika popote.

Kuna jambo la tatu, ambalo karatasi yako haikuligusa kabisa: yanayotokea baada ya mwaka kufungwa. Omba orodha ya krediti noti zote tangu 1 Januari mpaka karibu na siku ya kusaini ripoti, si za wiki mbili tu. Mzigo uliosukumwa kwa mnunuzi Desemba kwa ahadi ya mdomo kwamba "ukishindwa kuuza utarudisha" hurudi Februari au Machi, na alama pekee unayoachiwa ni krediti noti yenye maelezo mafupi kama "kosa la bei". Fungua kila kubwa, uangalie ilifuta ankara ya lini, na kama bidhaa iliingia tena ghalani. Kosa la bei halirudishi pampu.

Nilikutana na jambo kama hilo kwenye kampuni moja nisiyoitaja. Mauzo makubwa ya 30 Desemba, mzigo bado ghalani, na barua kutoka kwa mnunuzi inayosema "tutunzieni mpaka Februari." Timu iliyotangulia iliikubali barua, ikapiga nakala, ikasonga mbele. Mauzo ya namna hiyo yanaruhusiwa, lakini kwa masharti manne yanayotimia kwa pamoja: pawepo sababu ya kweli ya kuutunza mzigo, kwa mfano mnunuzi mwenyewe ameomba, mzigo utengwe na utambulike kuwa ni wake, uwe tayari kuondoka, na muuzaji asiweze kuutumia au kumpa mtu mwingine. Barua inagusa sharti la kwanza tu. Nilikwenda ghalani nikasoma namba zilizogongwa kwenye bamba la kila mashine, kisha nikazilinganisha na noti za Januari. Mashine mbili kati ya zile "zilizotunzwa" zilikuwa zimeshapelekwa kwa mnunuzi mwingine tarehe 8. Mkurugenzi wa mauzo akasema ghala lilichanganya. Inawezekana. Lakini kama ghala linaweza kuchanganya, basi mzigo haukuwa umetengwa, na sharti limevunjika bila hata kumtuhumu mtu.

Utaambiwa pia, na utaambiwa na wakubwa, kwamba kampuni hii ni ya watu waaminifu kwa hiyo mapato "si hatari". ISA 240, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kuhusu udanganyifu, kinakutaka uanze na dhana kwamba kwenye utambuzi wa mapato kuna hatari ya udanganyifu. Unaweza kuiondoa dhana hiyo, ila sababu ziandikwe na ziwe za biashara yenyewe, mfano mapato ya aina moja tu kama kodi ya pango kutoka kwa jengo moja. "Tunawafahamu" si sababu. Kampuni yenye bei tofauti, mizigo njiani na wauzaji wanaolipwa bonasi ya Desemba haina mlango huo.

Na jihadhari na wanaouza mafaili ya ukaguzi yaliyokwisha kujazwa: jedwali lina safu ya "tarehe ya ankara", safu ya "tarehe ya leja", na alama ya vema imeshawekwa. Nimeona mafaili ambamo majina ya kampuni yamebadilishwa na alama za vema zimeachwa za mwaka juzi. Wanaokuuzia hivyo hawasaini ripoti. Wewe na mkubwa wako ndio mnaosaini. Ndugu zao ni wale wanaokushauri, ukikuta kosa moja, umwambie mhasibu alirekebishe na "liishe hapo". Kosa lililotoka kwenye sampuli linawakilisha mengine ambayo hukuyachagua. Ili uliite la pekee unahitaji ushahidi mzito kwamba haliwezi kujirudia, na noti 4412 haina ushahidi huo: mfumo unaochapa ankara siku lori linapotoka getini umefanya hivyo kwa kila lori la wiki ile.

Kwa hiyo usiongeze ankara kwenye karatasi yako. Ichore upya iwe na tarehe tatu kwa kila mzigo: ya kutoka getini, ya sahihi ya mnunuzi, na ya leja. Ya kwanza ichukue kwenye daftari la mlinzi, ya pili kwenye nakala aliyorudisha dereva. Pale ambapo nakala haipo, au sahihi haina tarehe, mwandikie mnunuzi mwenyewe umuulize alipokea lini, na jibu lije kwako moja kwa moja bila kupitia kwa kampuni. Anza na malori yaliyotoka kati ya tarehe 25 na 31.