Kamera inaandika Err 01 na lensi haisomi: ni uchafu, pini au fimwea?

*"Fundi habari za kazi. Natumia Canon 80D na Sigma 18-35 f/1.8 Art, napiga harusi huku Tanga. Wiki ya pili sasa kamera mara inasoma lensi mara haisomi, pale kwenye apacha inaandika 00, nikiizungusha lensi kidogo inarudi, afu nikipiga picha mbili tatu inaleta Err 01. Lensi yangu ya 50mm haina shida. Nimefuta na tishu bado. Jamaa mmoja kaniambia ni fimwea, nisasishe zote mbili. Nianzie wapi?"*

Salama ndugu yangu, pole na usumbufu, najua harusi haikusubiri. Fimwea iweke pembeni kwanza, na sababu umeitaja mwenyewe: ukizungusha lensi kidogo inarudi. Fimwea ni programu, haijui kama umezungusha au hujazungusha. Kama lensi na kamera hazielewani kwa programu basi hazielewani asubuhi na jioni, kila ukijaribu tatizo ni lile lile. Kitu kinachokuja na kuondoka kwa kuguswa na mkono ni umeme ambao mahali fulani haufiki vizuri, na kazi yetu ni kujua mahali gani.

Kabla hujagusa chochote angalia tatizo linatokea saa ngapi, maana hapo kuna magonjwa mawili na watu wengi wanayachanganya. La kwanza ni hiyo 00. Kamera ikiandika 00 maana yake haioni lensi kabisa, ni sawa na mdomo wa kamera, pale lensi inapovalishwa, ukiwa mtupu, kwa hiyo mawasiliano yamekatika pale zinapogusana. La pili ni pale ambapo apacha inasomeka vizuri, inaandika f/1.8 au f/5.6, fokasi inafanya kazi, ila ukibonyeza shata ndo inakufa na kuandika Err 01. Hapo lensi ilikuwa inaongea vizuri tu mpaka ilipoambiwa ifunge apacha ikashindwa. Ujumbe wa kwenye skrini ni ule ule, "Communications between the camera and lens is faulty. Clean the lens contacts.", ndo maana kila mtu anakimbilia kusafisha, na akisafisha mara tano bila mafanikio anaanza kusema kamera imekufa.

Wewe una dalili za yote mawili, kwa hiyo anza na la kwanza, ni rahisi na halina gharama. Kwanza 50mm yako kufanya kazi ni habari nzuri lakini haimalizi kesi. Inaonyesha pini za kamera ziko hai, ila pini iliyochoka kidogo inaweza kuishika lensi nyepesi ikashindwa na Sigma yako ambayo ina zaidi ya gramu 800 na inavuta mdomo kwenda chini muda wote, kwa hiyo pande zote mbili zikaguliwe.

Zima kamera, toa betri, toa lensi. Kamera ishike mdomo ukiangalia chini ili vumbi lisiingie kwenye kioo, na wewe chungulia kwa chini ukiwa na tochi ya simu. Utaona mstari wa pini ndogo za dhahabu. Hizi za kwenye kamera zina springi, na zote zinatakiwa ziwe na urefu sawa. Chukua kijiti cha meno cha mti, usitumie chuma, bonyeza kila moja polepole na uiachie. Nzima inarudi juu hapo hapo. Ikibaki chini, au ikirudi kwa kusuasua, au ukaiona imelala pembeni, umeshampata mwizi na hiyo ni kazi ya fundi, usiivute na sindano.

Sasa kusafisha. Tishu ndo imekuangusha, maana tishu kavu inasambaza mafuta ya vidole halafu inaacha nyuzi. Dhahabu yenyewe haishiki kutu, kinachozuia umeme ni tabaka jembamba la mafuta, jasho, na kwa watu wa pwani kama wewe chumvi ya hewani, ukipiga picha za ufukweni jioni ukabadilisha lensi pale pale na mikono ina jasho, hiyo filamu inajijenga hata kama kwa macho huioni. Tafuta isopropili ya asilimia 99, mafundi simu wanayo, wengi wanaiita IPA. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 ina maji mengi ndani, sipendi kuiweka karibu na terminali za kamera.

Chukua kitambaa kile laini cha kufutia miwani, kiwe safi, kata kipande kidogo, zungushia kwenye ncha ya kijiti, chovya kwenye isopropili kisha kikamue mpaka kiwe na unyevu tu, kisidondoshe tone. Anza na lensi kwa sababu vidoti vyake havina springi, ni bapa. Sugua kila kidoti kwa urefu wake mara kumi hivi bila kukandamiza. Halafu tazama kitambaa. Kikitoka na weusi au kijivu endelea na kipande kipya mpaka kitoke safi. Kikitoka na ukijani simama hapo, hiyo ni kutu ya shaba au nikeli ya chini, maana yake dhahabu imeshakwanguka na unyevu umeingia, utasafisha leo na wiki ijayo itarudi. Upande wa kamera fanya vivyo hivyo ila kwa mguso mwepesi zaidi, kamera bado inaangalia chini, na pini ziguse tu usizisukume pembeni. Acha zikauke dakika tano, rudisha lensi mpaka usikie klik, weka betri, washa.

Najua kuna watakaokwambia utumie ufutio wa penseli. Unasafisha kweli, na mimi nimeutumia kwenye lensi iliyogoma kabisa, mara moja, lensi ikiwa nje ya kamera, halafu nikafuta makombo yote na isopropili. Kuufanya tabia ni kula dhahabu, maana ni tabaka jembamba sana. Msasa usiwaze, dawa ya kupulizia bawaba usiwaze, na kupuliza kwa mdomo ni kuweka mate mahali ulipotoka kufuta.

Baada ya hapo shika kamera mkono mmoja na lensi mkono mwingine, huku unaangalia namba ya apacha, tikisa lensi taratibu kulia kushoto, juu chini. Kucheza kidogo sana kwa kuzunguka ni kawaida. Ila kama mdomo wa lensi unacheza juu chini na namba inaruka kwenda 00, skrubu za bamba la nyuma la lensi zimelegea na hakuna kusafisha kutakakosaidia. Zikazwe kwa bisibisi inayokaa sawasawa, vichwa vya skrubu hizo vikishaliwa kuzitoa ni mateso.

Tuseme 00 imekwisha haionekani tena lakini Err 01 bado ipo. Hapo tunahamia ugonjwa wa pili, na kipimo chake hiki hapa. Weka kamera kwenye Av, apacha f/1.8, piga picha kumi. Halafu weka f/8 piga kumi. Kwenye f/1.8 visu vya apacha havitembei kabisa, vinabaki wazi, kwenye f/8 lazima vifunge. Kama f/1.8 zote kumi zimepita na f/8 inaleta Err 01, terminali zako ni safi, acha kuzisugua, shida iko ndani, ni mota ya apacha au ule utepe wa nyaya unaopeleka umeme kwake. Rudia f/8 ukiwa 18, kisha 24, kisha 35. Utepe ule unajikunja kila ukizungusha zumu, na ukianza kukatika mara nyingi unakatika kwa upande mmoja tu wa zumu.

Niliwahi kuletewa lensi ya zumu, si aina yako, mwenyewe alikuwa ameshasafishiwa sehemu tatu na kulipa sehemu zote tatu. Nikaiweka mezani nikapiga f/8 kwenye upana wote wa zumu: pana inapita, katikati inapita, ikivutwa mwisho Err 01 kila mara. Nilipoifungua utepe ulikuwa na ufa mwembamba kwenye kona ya mkunjo, unauona tu ukiuinamisha chini ya lenzi ya kukuzia. Tulibadilisha utepe na visu vya apacha pamoja, ikapona. Wakati anasubiri spea alipiga kazi zake kwa apacha ya wazi kabisa, na wewe kwenye f/1.8 unaweza hivyo hivyo, mchana weka ISO 100 na shata ya 80D inafika 1/8000, ila picha za kundi simama mbali kidogo watu wasitoke nje ya fokasi.

Fimwea sasa. Kuiangalia ni bure na haina hatari. Weka kamera kwenye P au Av, ukiwa kwenye ile oto kamili huo mstari hautokei, ingia menyu, nenda kurasa zenye alama ya spana, tafuta `Firmware ver.` na uandike namba. Hiyo ni ya mwili tu. Ya Sigma utaipata kwa kuivalisha lensi kwenye USB Dock ya Sigma ya mdomo wa Canon, kuiunga kwenye kompyuta na kufungua programu ya SIGMA Optimization Pro, humo inakuonyesha toleo ulilonalo na kama kuna jipya.

Na kuna kitu kizuri hapo, ile doki inaongea na lensi kupitia vidoti vile vile vya dhahabu. Ukipata ya kuazima, ivalishe uvue mara tano. Ikiisoma lensi mara zote tano, upande wa lensi uko sawa na shaka inarudi kwenye pini za kamera. Ikiikosa mara mbili, shaka iko kwa lensi. Ndo maana pia sitaki usasishe leo, mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika programu mpya unaweza kubaki na lensi isiyowaka kabisa. Sasisha lensi ikishasomeka siku nzima bila kukosea, na mwili uusasishe ukiwa na betri iliyojaa.

Fimwea ningeishuku kama ungeniambia umenunua mwili mpya na lensi ya zamani imegoma tangu siku ya kwanza, au umesasisha kamera jana na lensi imekataa leo. Wewe ilikuwa inafanya kazi na hujabadilisha kitu.

Fanya kipimo cha f/1.8 na f/8 kabla ya kupeleka popote, na ukienda kwa fundi mpe karatasi yenye namba ya zumu na apacha inapokufa. Akiiona hiyo hataanza na kusafisha.