Jibu la mtihani kuhusu mwisho wa Vita Baridi: usiishie kwenye ukuta wa Berlini

Likija swali la "Eleza jinsi kuanguka kwa serikali za kikomunisti Ulaya Mashariki kulivyomaliza Vita Baridi", wengi huorodhesha matukio: Polandi, Hungaria, ukuta wa Berlini, Romania, basi. Tarehe zote sahihi, alama haba. Neno linalobeba swali hilo ni "jinsi": tukio la Warsaw liliondoaje uhasama wa Moscow na Washington?

Anza na jeshi. Tangu 1945 wanajeshi wa Kisovieti walikaa Ulaya Mashariki, na walipoivamia Chekoslovakia mwaka 1968 ilidhihirika kuwa nchi ya kambi ile haiachiwi ijiamulie. NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake, ilijipanga kukabiliana na jeshi hilo. Kisha taja Desemba 1988, kiongozi wa Kisovieti Gorbachev alipotangaza Umoja wa Mataifa kwamba atapunguza askari 500,000, wakiwemo 50,000 walioko Ulaya Mashariki. Ukiruka hapo, jibu halielezi kwa nini 1989 haikuishia kama 1968.

Sasa chukua nchi moja uichambue. Polandi inafaa kuliko Ujerumani, kwa sababu ndiyo iliyotangulia. Aya yake iende hivi:

"Juni 1989 Solidarity, vuguvugu la wafanyakazi lililopinga serikali, ilishinda viti 99 kati ya 100 vya Seneti, na Agosti Tadeusz Mazowiecki, asiye mkomunisti, akawa waziri mkuu. Moscow haikupeleka vifaru. Majirani wakaelewa kwamba serikali zao hazina tena mlinzi, na Marekani ikaona kwa vitendo kuwa Wasovieti wameacha kuitawala Ulaya Mashariki kwa nguvu, jambo lililokuwa kiini cha ugomvi wao."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye alama. Ikate, na aya inabaki habari za Polandi tu.

Ukuta nao ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, lakini siku iliyofuata NATO na Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa kambi ya Kisovieti, walikuwa bado wapo, na silaha zao zipo. Kwa hiyo usiandike kwamba Vita Baridi viliisha usiku ule. Endelea mpaka 3 Oktoba 1990, Ujerumani ilipoungana ikiwa ndani ya NATO kwa ridhaa ya Moscow, na 1 Julai 1991, Mkataba wa Warsaw ulipovunjwa rasmi. Hapo upande mmoja wa mapambano haukuwepo tena.

Kosa linalogharimu sana ni kuchanganya hayo na kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti, Desemba 1991. Hilo lilikuja baadaye. Ukiliweka kama chanzo cha matukio ya 1989, umegeuza mpangilio mzima.

Ukibakiwa na dakika tano, weka pingamizi dogo: mkataba wa kuondoa makombora ya masafa ya kati ulitiwa saini Desemba 1987, kabla serikali yoyote haijaanguka. Uhasama ulikuwa umeanza kupoa. Mwaka 1989 uliondoa sababu ya kuurudia.