Kwa nini maandishi ya zamani yana “khabari” na “ndia”?

“Kwa nini vitabu vya zamani vinaandika khabari na ndia? Ni makosa ya chapa?”

Si makosa. Khabari ilifuata Kiarabu. Baadaye kh ikawa h. Ndia ni umbo la neno njia katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, na mwaka 1928 Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji.

Hati ya Kiarabu, iliyotumika kuandika Kiswahili, ndiyo mtihani. Zamani herufi ba ilitumika kwa b, p, hata mb, hivyo bata, pata na mbata viliweza kufanana kabisa. Muktadha ndio ulioamua, na wanukuzi waliogeuza maandishi hayo kwenda hati ya Kirumi hawakukubaliana daima.

— Basi Wajerumani ndio walioleta hati ya Kirumi?
— Nusu tu. Wamisionari walikuwa wameanza kabla yao; Wajerumani waliieneza shuleni na ofisini.